Dhanna na Dada Zake: Kitenzi Kinachoimeza Sentensi Nzima

Kosa langu la kwanza kubwa katika darsa ya nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, lilitokana na Kiswahili changu mwenyewe. Tulikuwa tukisoma baina ya magharibi na isha, na Maalim alinitaka niieleze kwa Kiswahili aya ya 46 ya Suratul Bakara, inayowasifu wanyenyekevu kwa kusema kwamba wao ni wale ambao "yadhunnuuna annahum mulaakuu rabbihim". Nilijibu bila kusita kwamba ni wale wanaodhani kuwa watakutana na Mola wao. Maalim hakunikosoa. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na mtu anayedhani tu kwamba atakutana na Mola wake, anasifiwa kwa lipi?" Sikuwa na jibu, na wenzangu walicheka, ingawa nina hakika kwamba nao wangejibu vivyo hivyo.

Kitenzi "dhani" tumekitoa katika Kiarabu, lakini tulikuja na nusu yake. Kwetu sisi anayedhani ni mtu asiye na hakika. Ndiyo maana tunasema "nadhani" pale tunapotaka kujiachia mlango wa kutokea. Kwa Kiarabu "dhanna" humaanisha kuelekea kwenye mojawapo ya mambo mawili baada ya kuyapima, na mwelekeo huo unaweza kuwa dhaifu, unaweza kuwa na nguvu, na unaweza kufika kwenye yakini kabisa. Katika aya ile wafasiri wengi wameufasiri kuwa yakini. Kitenzi hiki ndicho kinachobeba jina la ukoo mzima wa vitenzi, "dhanna na dada zake", na ukoo huo una tabia ya kisarufi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo tamu kuliko zote katika nahau ya Kiarabu.

Nitaandika maneno ya Kiarabu kwa herufi zetu, na msomaji anayeijua lugha hiyo atavumilia kukosekana kwa ayni. Nitatumia pia istilahi za darsani, ambazo nyingi tunazijua kwa maana nyingine. Habari kwa wanahau ni kile kinachosemwa juu ya mwenye kutajwa, naye mwenye kutajwa huitwa mubtada. Irabu ni mabadiliko ya mwisho wa neno kulingana na kazi yake katika sentensi. Hali ni neno linaloeleza namna mtu alivyokuwa wakati tendo lilipotokea. Mafuuli ni yule ambaye katika sarufi ya Kiswahili tunamwita yambwa.

Tuanze na sentensi fupi kabisa: "Zaidun aalimun", yaani Zaidi ni mwanachuoni. Maneno yote mawili yana dhumma, sauti ya u, mwishoni, nayo ni alama ya rafuu, hali ya neno lililosimama kwa miguu yake. Sasa viko vitenzi na herufi, yaani maneno madogo ya kisarufi, ambazo huingia juu ya sentensi ya namna hii na kuivuruga irabu yake. Ukiingiza "kaana" utasema "kaana Zaidun aaliman": mubtada amebaki na dhumma, habari imepata fataha, sauti ya a, ambayo ni alama ya nasbu. Ukiingiza "inna" mambo yanapinduka, "inna Zaidan aalimun". Kila mmoja kati ya hawa wawili ameteka upande mmoja na kuuachia mwingine. Dhanna haachi kitu. "Dhanantu Zaidan aaliman", nilimdhani Zaidi kuwa mwanachuoni, na pande zote mbili zimeingia katika nasbu, mubtada akiwa mafuuli wa kwanza na habari ikiwa mafuuli wa pili.

Ibnu Ajurrumu, mwanachuoni wa Fasi katika Moroko aliyefariki mwaka 1323, aliviweka vitenzi kumi vya aina hii katika kile kijitabu chake ambacho wanafunzi wa pwani yetu wanakiita Ajurumiya na wengi wamekihifadhi kwa moyo. Dhanna, hasiba, khaala na zaama ni vya kuelekea upande mmoja bila kukata. Raa, alima na wajada ni vya kujua. Ittakhadha na jaala ni vya kukigeuza kitu kuwa kitu kingine. Cha kumi, samia, yaani kusikia, wengi hawakubaliani naye kwamba kinachukua mafuuli wawili, na sisi tutakiacha hapo.

Sasa njoo kwenye Suratul Kahf, aya ya 18, ambapo vijana wa pangoni wanaelezwa: "Watahsabuhum aikaadhan wahum rukuud." Ungewadhania wako macho, ilhali wamelala. Hii ndiyo aya niliyoiharibu mara ya pili, na nadhani kila mwanafunzi Mswahili ataiharibu hivyo hivyo asipoonywa. Nilisema kwamba "aikaadhan" ni hali, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimekwishaitafsiri kuwa "wakiwa macho". Maalim alinirudisha neno kwa neno. Tahsabu ni kitenzi cha wakati uliopo, na mtendaji wake ni "wewe" aliyefichika ndani. Hum ni kiambishi cha wao, mafuuli wa kwanza. Kisha akasema, "Ishie hapo. Sema: unawadhani. Je, umesema kitu?"

Sikuwa nimesema kitu, na hilo ndilo jaribio la kwanza. Hali ni ziada inayokuja baada ya sentensi kukamilika. Ukisema "raaitu Zaidan jaalisan" kwa maana ya kumwona kwa macho, nilimwona Zaidi akiwa amekaa, unaweza kuliondoa neno la mwisho na bado ukabaki na habari iliyotimia, kwamba ulimwona Zaidi. Ukiliondoa "aikaadhan" katika aya, sentensi inabaki na kiu. Jaribio la pili ni kukiondoa kitenzi chenyewe na kuyaangalia maneno mawili yaliyobaki. "Hum aikaadhun", wao wako macho, ni sentensi kamili. Hapo ndipo ukoo huu unapotengana na kitenzi kama "aataa", kupa, ambacho nacho kina mafuuli wawili: "aataitu Zaidan dirhaman", nilimpa Zaidi dirhamu. Ondoa kitenzi, utabaki na "Zaidi ni dirhamu", jambo ambalo halisemeki.

Lipo na jaribio la tatu, ambalo ni gumu zaidi kwa mwanafunzi lakini halimdanganyi. Hali katika Kiarabu kwa kawaida huwa neno lisilobainishwa. Halikubali kuwa na alif na laam za kubainisha, sembuse kuwa kiwakilishi. Mafuuli wa pili wa dhanna anayakubali yote mawili, kwa kuwa asili yake ni habari, na habari inaweza kuwa chochote. Wanahau hutoa mfano wa neno moja, "khiltaniihi", ambalo ndani yake mna kitenzi khaala, mtendaji "wewe", mafuuli wa kwanza "mimi" na mafuuli wa pili "yeye": ulinidhania kuwa mimi ndiye yeye. Hakuna namna ya kuiita ile "hi" ya mwisho kuwa hali.

Nikirudi kwenye pango, kilichonishika zaidi ni nusu ya pili ya maneno yale. "Aikaadhan" ina fataha, na "rukuudun" ina dhumma. Nusu ya kwanza ni kile ambacho mtazamaji angekiona kichwani mwake, na nusu ya pili ni mambo yalivyo. Sentensi iliyoingia katika fikra ya mtu imepoteza rafuu yake pande zote mbili, na sentensi ya ukweli iliyokuja baada yake imesimama kwa mubtada na habari zilizotimia. Nilipomwambia Maalim kwamba nasbu ya dhanna ni alama ya uongo wa fikra, alitabasamu, akanipeleka Suratul Mumtahina, aya ya 10: "fain alimtumuuhunna muuminaatin", mkiwajua kuwa ni waumini. Hapa hakuna uongo, ni kujua, na bado mafuuli ni wawili na nasbu ni ile ile, ingawa kwa jicho la haraka "muuminaatin" ina kasra, sauti ya i, na mtu anaweza kuidhania kuwa jari, irabu ambayo kasra ndiyo alama yake ya kawaida. Maneno ya wingi wa kike yanayoishia kwa "aat" huchukua kasra mahali pa fataha. Msomaji aikumbuke kasra hiyo, tutaihitaji.

Basi niliirekebisha kauli yangu, na bado naishikilia kwa namna hii: nasbu mbili hazisemi kama fikra ni ya kweli au si ya kweli, bali zinasema kwamba sentensi nzima imekuwa kitu kilichomo ndani ya kichwa cha mtu. Imekoma kuwa kauli, imekuwa mzigo wa kitenzi. Hii ni rai yangu mimi, si kanuni ya vitabuni, na kaana, ambaye naye hutia nasbu bila kuingia kichwani mwa mtu yeyote, anatosha kuwa onyo kwa atakayetaka kuifanya kanuni ya irabu yote.

Kwamba kitenzi kimoja kinaweza kubeba yakini na shaka bila kubadilisha irabu yoyote kunaonekana wazi katika Suratul Maarij, aya ya 6 na ya 7: "Innahum yaraunahu baiidan, wanaraahu kariiban." Wao wanaiona kuwa mbali, nasi tunaiona kuwa karibu. Kinachozungumzwa ni siku ya malipo, kitenzi ni raa pande zote mbili, na miundo ni mapacha: mtendaji, kiambishi cha mafuuli wa kwanza, kisha sifa yenye fataha. Lakini wafasiri wa nahau huitaja raa ya kwanza kuwa ya kudhani na ya pili kuwa ya kujua. Kinachozitenganisha ni mtendaji tu, nani anaona. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu "kuona" kwetu nako kuna macho na kuna rai. Mtu akisema "nilimwona Juma mgonjwa", hujui kama alimkuta kitandani au alimhukumu kuwa si mzima, mpaka umsikie anaendelea.

Utata huo huo uko katika sura ambayo watoto wetu wanaihifadhi kabla hawajaota meno ya pili. Katika Suratu Dhuha, "alam yajidka yatiiman", neno yatima lina fataha. Wengi wamesema wajada hapa ina maana ya kujua, kwa hiyo yatima ni mafuuli wa pili: hakukujua kuwa yatima akakupa makazi? Wapo waliosema ni kukuta, na basi yatima ni hali: hakukukuta ukiwa yatima? Mimi naelemea kwa wa kwanza, kwani kumkuta mtu kunaonyesha kwamba kabla yake hukuwa na habari naye, na hilo halimfai Mwenyezi Mungu. Angalia, hata hivyo, kwamba hapa irabu haikuamua lolote. Fataha ni moja katika njia zote mbili.

Na sasa nirudi kwenye aya iliyoniaibisha. Kama irabu haitofautishi dhanna ya yakini na dhanna ya shaka, mtu atajuaje? Ipo dalili moja ambayo wanachuoni wameiona, nayo inatokana na kile kinachofuata kitenzi. Mara nyingi dhanna hafuatwi na mafuuli wawili walio wazi, bali na "anna", yaani "kwamba", na sentensi yake, na hapo anna na vyote vilivyo nyuma yake hukaa mahali pa mafuuli wote wawili. Lakini badala ya anna yenye mkazo inaweza kuja "an" nyepesi. Anna ni herufi ya kusisitiza, na yakini inaitaka. An nyepesi hukaa vizuri na jambo lisilo na uthabiti.

Juzuu Amma ina mifano miwili jirani. Katika Mutafifina, aya ya 4, wapunjaji wa mizani wanaulizwa kama hawana yakini kwamba watafufuliwa: "alaa yadhunnu ulaaika annahum mabuuthuun". Katika sura inayofuata, Inshikaki, aya ya 14, anatajwa yule aliyedhani kwamba hatarejea: "innahu dhanna an lan yahuur". Ya kwanza ina anna na inaomba yakini. Ya pili ina an na ni dhana tupu iliyokuwa batili. Na ile ya Bakara, "annahum mulaakuu rabbihim", ina anna. Laiti ningelikuwa na dalili hiyo mkononi jioni ile.

Dalili hiyo si sheria isiyovunjika. Katika Suratu Tauba, aya ya 118, watu watatu walioachwa nyuma walifikia "wadhannuu an laa maljaa minallahi illaa ilaih", wakatambua kwamba hapana pa kumkimbia Mungu isipokuwa kwake yeye. Hiyo ni yakini iliyopatikana kwa dhiki kubwa, na an ni nyepesi. Jibu linalotolewa ni kwamba an hiyo ni anna iliyopunguzwa mkazo, na ishara yake ni kuwa imefuatwa na jina, si na kitenzi kama katika "an lan yahuur". Ni jibu zuri, lakini linaonyesha kwamba mwenye kuitegemea dalili bila kuusoma muktadha atajikwaa.

Imebaki tabia moja ya ukoo huu, nayo ndiyo iliyonifanya niipende nahau. Kuna maneno ambayo kwa desturi ya Kiarabu hukaa mwanzoni mwa sentensi na hayakubali kutawaliwa na kilicho mbele yao: neno la kuuliza, "maa" ya kukanusha, laam ya kusisitiza. Moja lao likiingia kati ya kitenzi cha moyo, yaani cha kudhani au kujua, na mafuuli wake, kitenzi kinazuiwa. Utasema "alimtu Zaidan aaliman", lakini ukiingiza laam utasema "alimtu laZaidun aalimun", na dhumma zote mbili zimerudi. Wanahau wanaliita jambo hili taaliki, kutundikwa, na wanalifananisha na mke aliyetundikwa, yule ambaye mumewe hakai naye wala hakumpa talaka. Kitenzi hakionekani kufanya kazi katika maneno, lakini hakijaachana nayo; mahali pake bado ni pa nasbu.

Kama mimi, msomaji atauliza: mmejuaje kwamba ndoa ingalipo, ikiwa haionekani? Ushahidi unatoka kwa Kuthayiri, mshairi wa zama za Bani Umaya aliyejulikana kwa mapenzi yake kwa Azza:

Wamaa kuntu adrii kabla Azzata mal bukaa
walaa muujiaatil kalbi hattaa tawallati

Anasema kwamba kabla ya Azza hakuwa akijua kilio ni nini, wala maumivu ya moyo, mpaka alipogeuka akaenda zake. Kitenzi ni adrii, cha daraa, dada mmojawapo wa yakini ambaye Ibnu Ajurrumu hakumtaja. "Mal bukaa" ni swali, kilio ni nini, na swali limekitundika kitenzi. Tena neno bukaa hapa linaishia kwa alif isiyoonyesha irabu, kwa hiyo halitoi ushahidi wowote. Ushahidi uko katika mshororo wa pili. Muujiaat, yenye kuumiza, imeunganishwa kwa "wala" na kile kilichotangulia, na kilichounganishwa humfuata mwenzake katika irabu. Kama sentensi iliyotangulia ingekuwa huru, mshairi angesema muujiaatu kwa dhumma. Amesema muujiaati, kwa ile kasra ya wingi wa kike inayosimama mahali pa fataha. Neno la pili limeionyesha nasbu ambayo la kwanza liliificha. Vina na mizani ya beti hii haviamui chochote hapo, kwani dhumma na kasra zina urefu mmoja. Tunategemea tu kwamba waliolipokea shairi walilipokea kwa kasra.

Taaliki isichanganywe na ilghai, ambayo ni kufutwa kabisa. Hiyo haiji kwa kizuizi, bali kwa kuchelewa. Dhanna akitangulia, ametawala. Akiwekwa katikati, "Zaidun dhanantu aalimun", una hiari ya kumpa kazi au kumwachisha. Akija mwisho, "Zaidun aalimun dhanantu", kumwachisha ndiko kunakopendekezwa, kwa sababu msemaji alikwisha kuitoa kauli yake ikiwa huru, pande zote mbili zikiwa na dhumma, kabla hajakumbuka kwamba hana hakika. Hili halihitaji kutafsiriwa kwa Mswahili. Sisi nasi husema "Juma ni mwalimu, nadhani", na hakuna anayeweza tena kurudi nyuma akambandikia Juma kiambishi cha yambwa. Lakini tukianza na kitenzi tutasema "namdhani Juma kuwa ni mwalimu", na ile "m" imekwisha kumshika Juma kabla hajatajwa. Siku niliyomwonyesha Maalim mfano huo alinyamaza kidogo, akafunga kitabu, akasema tutaendelea kesho, na kesho yake alianza darsa kwa kuwauliza wengine waeleze ile "m" inafanya nini pale.